Tangazo kwa wateja wetu: kadi ya kunyoa, mara ya kumi ni bure

Ndugu wateja wetu wa Mwanga, Gungu, Katubuka, Kibirizi, Ujiji na kote ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, tunawasalimu. Tunayo furaha kuwatangazia kwamba kuanzia Jumamosi, tarehe 1 Agosti 2026, saluni yetu ya kiume iliyopo jirani na Soko la Mwanga itaanza kutoa kadi ya mteja, na kila mwenye kadi hiyo atakayenyoa mara tisa kwa malipo ya kawaida atanyolewa mara ya kumi bila kulipa hata senti moja. Kadi yenyewe haiuzwi. Utapewa siku ya kwanza utakapokaa kwenye kiti baada ya tarehe hiyo, na siku hiyo hiyo itatobolewa tundu la kwanza.

Bei zetu hazijaguswa. Mtu mzima ataendelea kulipa shilingi 3,000 na mtoto shilingi 2,000, na tunalisema hili mapema kwa kuwa tunafahamu kwamba mtu akisikia neno "bure" hujiuliza kwanza kama bei haikupandishwa usiku wa kuamkia tangazo. Mteja mzima atakayejaza kadi atakuwa ametoa shilingi 27,000 kwa huduma ambayo leo ingemgharimu shilingi 30,000. Anayenyoa kila baada ya wiki mbili, kama wafanyavyo wateja wetu wengi, ataifikia mara ya kumi wiki 18 baada ya tundu la kwanza.

Mara ya kumi utapata huduma ile ile unayoilipia siku zote: kunyoa kwa mtindo unaoutaka, kuchonga ndevu, kupakwa spiriti na kuoshwa kichwa. Utachagua kinyozi umpendaye, utakaa kwenye foleni kwa zamu yako, na hakuna atakayekuomba uwapishe wanaolipa. Hata siku ya mkesha wa Iddi au wa Krismasi, ambapo foleni hufika barazani, kadi iliyojaa itapokelewa kama fedha. Kupaka piko na kufanyiwa skrabu ya uso si sehemu ya huduma hii, na atakayevihitaji atavilipia kwa bei ya kawaida.

Niruhusuni mimi mwenye saluni niseme kwa nini tumelishughulikia jambo hili kwa uangalifu mkubwa kuliko linavyoweza kuonekana. Miaka kadhaa iliyopita, nikiishi katika mji mwingine, nilikuwa na kadi ya namna hii kwenye saluni moja, nikaijaza kwa muda mrefu, na siku ya kuchukua haki yangu nikaambiwa kwamba kinyozi aliyekuwa akiweka alama ameacha kazi na waliobaki hawazitambui alama zake. Nililipa, nikaondoka, na sikurudi tena. Kwa hiyo kila kadi yetu itakuwa na namba, na namba hiyo itaandikwa kwenye daftari linalokaa juu ya meza ya malipo, pamoja na tarehe ya kila tundu. Kinyozi akiondoka, daftari litabaki. Ukipoteza kadi, au ikifuliwa na suruali, tutajie jina ulilojiandikishia nasi tutakupa nyingine yenye matundu yale yale uliyokwisha kuyapata.

Tulianza majaribio mwezi Juni kwa wateja wachache, na wakati huo tuligonga muhuri wa wino kwenye karatasi ngumu. Mmoja wao, mvuvi wa Kibirizi, alirudi na kadi iliyokaa ndani ya mfuko wa shati lake ziwani usiku kucha. Wino wa zambarau ulikuwa umesambaa kadi nzima na mihuri yake minne imekuwa doa moja, naye akaiweka mezani kwa masikitiko kama mtu aliyeleta noti iliyochanika. Tulimpa alama zake zote kwa kuwa tulizikumbuka, lakini tulitambua kwamba kumbukumbu zetu hazitoshi. Ndiyo maana kadi mpya imewekewa plastiki pande zote mbili, na badala ya muhuri tunatumia mashine ndogo ya kutobolea inayoacha tundu lenye umbo la nyota. Ikilowa, ifute tu.

Kadi haina mwisho wa muda. Wapo waliotushauri tuweke ukomo wa miezi mitatu, nasi tukakataa baada ya kuwatazama watu tunaowanyoa. Wavuvi wa dagaa huvua gizani kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa hupumzika. Siku hizo ndizo benchi letu hujaa, na wengi wao hatuwaoni tena mpaka mwezi mwingine uwe mpevu. Mtu anayenyoa mara moja kwa mwezi atahitaji miezi tisa kutoka tundu la kwanza hadi siku yake ya bure. Vivyo hivyo kwa mfanyabiashara aliyevuka kwenda Kalemie akakaa kuliko alivyopanga, na kwa kijana anayesoma bweni ambaye hurudi nyumbani wakati wa likizo tu. Ukomo wa miezi mitatu ungewanyima hao wote, wakati wao ni wateja wetu sawa na jirani anayekuja kila Jumamosi.

Kadi za watu wazima ni za kijani na za watoto ni za njano, kwa sababu bei zao si sawa. Ndugu wa nyumba moja wanaweza kutumia kadi moja ya rangi yao, hivyo baba anayeleta watoto watatu kabla shule hazijafunguliwa atapata matundu matatu kwa mpigo kwenye kadi ya njano. Kadi iliyojaa unaweza pia kumpa mtu mwingine, awe mdogo wako, babu au rafiki ambaye hana fedha siku hiyo, na hatutamuuliza ameipata wapi mradi namba yake ipo kwenye daftari.

Kwa wanaonyoa kwa mkopo, tundu litatobolewa siku deni litakapolipwa, na tunaomba jambo hili lisilete unyonge kwa yeyote, maana deni la kunyoa ni la kawaida hapa na tutaendelea kuaminiana kama zamani. Ukisahau kuja na kadi, kinyozi ataandika kwenye daftari na tundu lako utalikuta safari ijayo. Kinyozi akisahau kutoboa, mkumbushe kabla hujainuka kitini. Una haki hiyo, naye ameelekezwa kuipokea kwa shukrani.

Tunafungua saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku kila siku, isipokuwa Ijumaa ambapo tunafunga kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana kwa ajili ya sala. Wateja walioshiriki majaribio ya Juni wanaombwa kuleta kadi zao za zamani, hata zilizofutika, ili wabadilishiwe. Mihuri yao yote imeshahamishiwa kwenye daftari, na wawili kati yao wamebakiwa na tundu moja tu kabla ya kunyoa bure.