Mpango wa slaidi 8 za zabibu kavu: picha zote zifanane

Habari za jioni wote, mama shikamoo. Huu ndio mpango wa ile posti ya slaidi ya Instagram tuliyoongea, someni wote mpaka mwisho kabla mtu hajagusa chochote, hasa wewe mdogo wangu utakayetengeneza picha kwenye Gemini, na dada wa kapsheni pia kwa sababu urefu wa maneno yako unategemea nafasi ntakayoacha kwenye picha.

Shida tunayotaka kuiondoa ni moja. Posti iliyopita kila slaidi ilikuwa na sura yake, moja kama picha ya kamera, nyingine kama katuni, nyingine ina jua la machweo na mti wa mgunga kama kalenda ya watalii, na mteja akauliza kwenye komenti hizi ni bidhaa za watu wangapi. Mama anauza kitu kimoja kizuri na mtu akitelezesha kidole anatakiwa ajue yuko kwa mama yule yule kutoka slaidi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa hiyo mwonekano tunaukubaliana leo, kwa maneno, kabla ya picha hata moja.

Nimeamua ni mchoro wa rangi za maji, sio picha inayofanana na ya kamera. Sababu ya kwanza, mchoro unavumilia, vidole vikiwa na kasoro kidogo haionekani vibaya kama kwenye picha ya kamera. Ya pili ni kubwa zaidi kwangu: tukitengeneza mkulima wa kubuni anayefanana na mtu kabisa, watu wataamini ni mkulima wa Hombolo kweli, na huo ni uongo, jina la mama ndio litachafuka. Mchoro kila mtu anajua ni mchoro. Pakti yenyewe ndio itakuwa picha halisi, slaidi ya 8, na hiyo mama utapiga mwenyewe, ntaeleza chini.

Haya ndio maneno ya kudumu. Yanakaa mwanzo wa kila promti, neno kwa neno, usiongeze usipunguze, usibadilishe hata "kahawia" kuwa "hudhurungi" kwa sababu ukibadili neno moja na picha inahama:

```
Mchoro wa rangi za maji kwenye karatasi yenye chembechembe,
mistari myembamba ya kahawia. Rangi nne tu: nyekundu ya udongo #B5532A,
zambarau nzito #4B1E3F, krimu #F2E3C6, kijani kilichofifia #6B7A3A.
Mwanga laini unatoka kushoto, vivuli vinaanguka kulia.
Theluthi ya juu ni krimu tupu. Picha ya wima, 4:5.
```

Namba za rangi Gemini haizifuati kwa usahihi wa asilimia mia, ndio maana nimeweka na jina la rangi pembeni, ila zile namba mimi ntazitumia kwenye Canva kwa maandishi na fremu, hapo ndio zinakuwa kamili. Pia ona nimeandika "krimu tupu", sijaandika usiweke mawingu usiweke ndege. Hivi vitu ukivitaja tu, mara nyingi ndio unavipata, kwa hiyo siku zote sema kilichopo, sio kisichopo.

Chini ya hayo unaongeza sentensi moja au mbili za slaidi husika, basi. Mfano wa slaidi ya 4:

```
Mikono miwili ya mwanamke Mtanzania, kuanzia viwiko, mikono ya nguo ya kitenge
cha zambarau chenye madoa ya krimu, inachambua vichala vya zabibu
juu ya ungo wa mianzi. Chini ni udongo mwekundu.
```

Nimeanza na ya 4 makusudi. Hiyo ndio picha mama, itengeneze ya kwanza kabla ya kava, kwa sababu ina kila kitu kitakachojirudia: mikono, kitenge, ungo, zabibu, udongo. Kava ina kichala kimoja tu, ukianzia pale hutakuwa umeamua mikono ikoje na ukifika ya 3 utajikuta na mtu mwingine. Rudia ya 4 mpaka wote watatu tuikubali kwenye hili grupu, hata ikichukua jioni nzima sio tatizo, muda ukaliwe hapo. Ikishakubalika inakuwa faili `zk_04_mama.png` na haiguswi tena.

Halafu kila slaidi inayofuata fungua chati mpya, pakia `zk_04_mama.png`, bandika maneno ya kudumu, kisha andika "tumia mtindo, rangi, mikono na kitenge cha picha hii, onyesho jipya ni hili", na sentensi ya slaidi. Usichukue ya 3 kuzalisha ya 2, afu ya 2 kuzalisha ya 1. Kila nakala inahama kidogo, rangi inakolea, mistari inanenepa, na ukifika ya mwisho imeshakuwa ukoo mwingine. Na usiendelee kwenye chati moja ndefu, inabeba masahihisho yote ya nyuma hata yale uliyoyakataa.

Sasa slaidi zenyewe. Ya 1 ni kava, kichala kimoja kikubwa ndani ya ungo, mstari wa udongo uko chini, maneno ni "Zabibu kavu inaanzia wapi?" Ya 2 ni shamba na hapa kaza macho, maana ukiandika "shamba la mizabibu" peke yake unaletewa vilima vya Ulaya na nyumba ya mawe. Andika tambarare, udongo mwekundu, nguzo fupi za miti na waya, mizabibu mifupi, kwa mbali mbuyu mmoja na kilima cha mawe makubwa. Mbuyu usiwe na majani! Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kule Februari-Machi na huku Agosti-Septemba, na sisi tunasimulia mavuno ya kiangazi, mbuyu wenye majani mengi mtu wa Mpunguzi akiuona anajua hamjui mnachosema. Ya 3 mikono ile ile inakata kichala kwa mkasi, karibu kabisa. Ya 4 mnaijua.

Ya 5 ni kuanika, zabibu zimetandazwa safu moja kwenye trei za wavu juu ya chanja, mkono mmoja tu unageuza. Ya 6 ndio naipenda kuliko zote, ni ile inayoeleza bei bila kulalamika: ungo umejaa zabibu mbichi kushoto, kibakuli kidogo cha zabibu kavu kulia. Kilo 4 mbichi hivi zinatoa kama kilo 1 kavu, kwa sababu zabibu mbichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Dada, kapsheni ya hii iwe fupi, picha inajisemea. Usijaribu kumwambia Gemini achore kilo 4 au ahesabu punje, hesabu tunaandika sisi kwenye Canva. Na zabibu kavu ziwe kahawia nzito karibu na nyeusi, zimekunjamana, isije ikaleta punje za dhahabu zile za dukani. Ya 7 ni bakuli la uji na zabibu kavu juu yake, pembeni sahani ya pilau, mikono ya mtoto hapana, tubaki na mikono ya mama.

Mstari wa udongo ukae urefu ule ule slaidi 1 mpaka 7, robo ya chini ya picha. Mtu akitelezesha ule mstari unaendelea kama ardhi moja, na nadhani hiki kitu kidogo ndio kitabeba posti nzima. Ukishindwa kuupata sawasawa nitumie hivyo hivyo, ntaukata kwenye Canva, ndio maana nataka picha kubwa kuliko tunayohitaji.

Maandishi yote naweka mimi. Gemini isiandike neno lolote, herufi za Kiswahili inaweza kuzikosea na ukishakuta "zabbibu" ndani ya picha kufuta ni kazi nyingine. Templeti ni pikseli 1080 kwa 1350, kingo pikseli 90 kila upande, fonti moja nene kwa kichwa na moja nyepesi kwa maelezo, zote rangi ya zambarau #4B1E3F, zinaanza sehemu ile ile kushoto juu. Zile 90 zina sababu, kwenye ukurasa wa wasifu Instagram inaonyesha 3:4 kwa hiyo inakula kama pikseli 34 kila upande, kichwa cha habari kisije kikakatwa. Na slaidi ya kwanza ndio inaamua umbo la zote, kwa hiyo hata moja isije na mraba. Dada, kichwa kisizidi maneno 6, maelezo yasizidi mistari mitatu, ukizidisha ntalazimika kupunguza fonti na hapo mfanano unakufa hata kama picha ziko vizuri.

Mama, slaidi ya 8. Weka pakti ya gramu 250 juu ya ungo ule wa nyumbani, tandika kitenge cha zambarau kama unacho, simama karibu na dirisha asubuhi dirisha likiwa kushoto kwako, usiwashe flashi, usitumie filta. Mwanga ukitoka kushoto itaungana na michoro bila nguvu nyingi. Ntaondoa nyuma na kuweka krimu ile ile. Hapo ndio panakaa bei, shilingi 5,000, na kwamba tunapeleka Dodoma mjini na mizigo ya Dar tunaituma kwa basi.

Kabla ya kuniletea, mdogo wangu, panga zote 7 kwenye ukurasa mmoja zikiwa ndogo kama stempu, afu geuza ziwe nyeusi na nyeupe. Rangi zinaweza kukudanganya, lakini ukitoa rangi ile iliyo na giza zaidi au iliyojaa vitu zaidi inajitokeza yenyewe. Ikijitokeza, rudia hiyo tu, usizipake filta zote ili zifanane, filta itaficha leo na posti ijayo tutaanza upya. Maneno ya kudumu na `zk_04_mama.png` viweke kwenye folda yetu ya Drive, posti ya mwezi ujao ya mvinyo mtamu, hapana, ya juisi, mama alishasema hataki mvinyo, itatumia hivyo hivyo.

Na tukiposti tutawasha ile alama ya kuonyesha michoro imetengenezwa na AI, na mstari wa mwisho wa kapsheni useme wazi "michoro ya AI, picha ya pakti ni halisi".

Picha mama naisubiri kesho jioni hapa grupuni, zilizobaki Jumatano, mama picha ya pakti pia Jumatano asubuhi kabla jua halijawa kali. Dada maneno nitumie hata leo usiku, nianze kupima nafasi.