Mshale wa Basi la Musoma

Kaeni. Fungeni daftari kwanza, leo tunaanzia barabarani.

Jumamosi nilikwenda Musoma. Konda akanipa kiti cha mbele kabisa, ubavuni mwa dereva, basi safari nzima macho yangu yakawa kwenye dashibodi. Tulitoka stendi ya Nyamhongolo, Mwanza, saa 12 kamili asubuhi, saa 4 tukashuka. Kwa hesabu nyepesi tuseme ni kilomita 220. Gawanya kwa saa 4. Ngapi? Kilomita 55 kwa saa. Huo ni mwendokasi wa wastani, mnaujua tangu zamani.

Lakini mimi nilikuwa nauona mshale, wanangu. Kisesa kwenye matuta unacheza kwenye 20. Magu tumesimama, watu wananunua mahindi dirishani, mshale umelala kwenye sifuri. Mbele ya Lamadi barabara imenyooka, uko 80. Kwenye 55 haukukaa. Uliipita tu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani bila kubisha hodi. Kwa hiyo ile 55 ni ya safari. Si ya mahali popote njiani.

Karibu na Bunda tukapigwa tochi. Kibao kinasema 50, tochi imesoma 68. Mzee mmoja nyuma yangu akamtetea dereva: "Afande, tangu Mwanza hatujafikisha hata 60, piga hesabu mwenyewe!" Na kweli, kwa wastani alikuwa sahihi! Afande akamjibu, "Mzee, sikuuliza habari za Mwanza. Nauliza alipopita hapa."

Hilo neno "hapa" ndilo lililonileta mbele yenu leo. Msicheke, lina mtego. Mwendokasi ni umbali gawanya kwa muda. Sasa mahali pamoja, papo hapo, basi limekwenda umbali gani? Sifuri. Kwa muda gani? Sifuri. Sifuri gawanya kwa sifuri... Nani yuko tayari kuja ubaoni? Naona wote mmeinama.

Tuliendee polepole. Basi limevuka tuta, limeanza kutoka kwenye kusimama, na umbali wake kwa mita ni huu:

s = ½t²

Nataka mwendokasi wake sekunde ya 10 inapogonga. Hapo limeshakwenda mita 50. Sekunde ya 12 limefika mita 72. Mita 22 kwa sekunde 2: 11. Lakini hiyo ni ya baadaye kidogo, basi limeshachangamka. Sogeza karibu. Sekunde ya 11 liko mita 60.5, tunapata 10.5. Sogeza tena: sekunde 10.1, mita 51.005. Mita 1.005 kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, 10.05. Ukichukua 10.01 utapata 10.005.

Njooni na kwa nyuma. Kutoka sekunde ya 9 hadi ya 10: 9.5. Kutoka 9.9 hadi 10: 9.95. Mnaona? Huku zinashuka, huku zinapanda, zote zinaibana namba moja katikati. Kumi. Mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, na mshale ungesoma hivyo hivyo. Hatukugawanya kwa sifuri hata mara moja. Tulitazama tu zile namba zinaelekea wapi. Hiyo kumi ndiyo tunayoiita mwendokasi wa papo hapo.

Ndiyo, nimekusikia: mshale wenyewe unajuaje? Kwenye magari ya zamani kuna waya unaozunguka pamoja na gia, unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha aluminiamu. Sumaku inakivuta kikombe, springi inakizuia, mshale unasimama pale wanapotoshana nguvu. Magari ya sasa yana kihisi kinachohesabu mizunguko ndani ya kipande kidogo mno cha sekunde. Kwa hiyo hata hicho, ukikibana sana, kinakupa wastani, ila wa muda mfupi kiasi kwamba dereva hawezi kubisha. Afande naye vilevile.

Haya, fungueni daftari sasa. Basi ni lile lile, s = ½t². Nataka sekunde ya 6. Anza na 6 hadi 7, kisha 6 hadi 6.1, kisha 6 hadi 6.01. Halafu ufanye kwa nyuma, kuanzia 5. Usiniletee jibu peke yake, jibu naweza kulipata kwa konda. Nataka kuona jinsi ulivyolibana. Wewe uliyekaa dirishani unayetazama ziwa, anza kutusomea ya kwanza.