Mia na Ishirini na Saba

Nusu fainali ya ndondo sikuicheza. Nilimwambia kocha kwamba nyama za paja zimekaza, nikachechemea hatua tatu nne ili aniamini. Paja langu halikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa mkononi, kwenye saa niliyopewa na mjomba, dereva wa malori ya Tunduma, aliponinunulia zawadi ya kutimiza miaka 17.

Saa hiyo ina taa mbili za kijani upande wa nyuma. Ukiifunga vizuri zinamulika ngozi, nayo inasoma damu inavyopita chini yake na kukuandikia mapigo ya moyo kwa dakika. Wiki ya kwanza niliipenda kupita kiasi. Asubuhi kabla sijatoka kitandani ilikuwa inasoma 58, 60, mara moja 56. Nikiwa napanda kilima cha kwetu Uyole na ndoo ya maji inafika 120. Yote hayo niliyaona ya kawaida.

Siku ya mechi mambo yakabadilika. Tumekaa chini ya mti, wenzangu wanafunga daluga, hakuna aliyeanza kupiga jaramba, nami nimekaa tu juu ya begi langu. Nikatupa jicho: 104. Nikaangalia mlima Loleza kule mbali, ukungu umeukata katikati, nikajaribu kufikiria mambo mengine. Nikarudisha macho: 115. Viganja vya baridi kama chupa ya maji, tumbo linasokota, nimeshakwenda kukojoa mara tatu. Kila nilivyoiangalia namba ndivyo ilivyopanda. Siku ya nusu fainali ilipofika 127 nikaona hapa naenda kufia uwanjani mbele ya watu. Ndipo nikaanza kuchechemea.

Timu ilishinda bila mimi. Winga aliyechukua nafasi yangu alikimbia hadi midomo ikamkauka, na baada ya mechi akaja kuniuliza paja linaendeleaje. Usiku ule sikulala.

Kesho yake nikaenda kwa shangazi, Mwanjelwa. Shangazi ni muuguzi, kazi anaifanya tangu sijazaliwa. Nilimkuta uani anachambua maharage, nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote isipokuwa habari ya paja. Hakucheka. Alisukuma ungo pembeni, akafuta mikono kwenye kitenge, akaanza kuniuliza taratibu.

"Umewahi kuanguka au kuzimia ukiwa unakimbia?"

"Hapana, shangazi."

"Kifua kinauma? Moyo unaruka ruka, unapiga hovyo hovyo bila mpangilio? Au unakwenda mbio wakati umejikalia tu nyumbani, huna la kukuhangaisha?"

"Hapana. Ni kabla ya mechi tu. Mpira ukianza nasahau."

"Hayo niliyokuuliza, siku ukiyaona, usisubiri mechi wala usimfiche mtu, unakuja hospitali. Umenielewa? Haya, siku ya mechi unakunywa nini?"

Nikamtajia kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu ninachonunua stendi. Akatikisa kichwa. "Kina kafeini hicho. Wewe mwenyewe unaupiga moyo kiboko, halafu unashangaa unakimbia."

Akanishika kifundo cha mkono, vidole viwili chini ya dole gumba, macho kwenye saa ya ukutani iliyoonekana mlangoni. Alihesabu nusu dakika akaipata 32, akazidisha mara mbili. 64. Saa yangu ilisoma 65.

"Saa yako haidanganyi," akasema. Hakuuachia mkono. "Sasa fumba macho. Fainali hiyo. Dakika ya mwisho, penalti, kocha amekuita wewe. Umeuweka mpira. Kipa anapunga mikono. Watu wa Uyole wote wako nyuma ya goli."

Niliona kila kitu. Niliona hata vumbi kwenye doa la penalti.

"Fumbua."

88. Nimekaa kwenye kigoda, sijanyanyua hata unyayo, mbele yangu ungo wa maharage.

"Umeugua sasa hivi?" akaniuliza.

Ndipo akanifafanulia, na mpaka leo naikumbuka kama alivyoisema. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ukijua kuna jambo kubwa mbele yako, tezi hizo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaongeza kasi, hewa inavutwa zaidi, damu inapelekwa kwenye misuli ya miguu na mapaja, inapungua tumboni na kwenye ngozi. Ndiyo maana tumbo linasokota, ndiyo maana viganja vinapoa. "Huo ni mchecheto. Mwili umeshaanza kupiga jaramba, na wewe bado umekalia begi. Ukiongeza na woga wa kuiogopa hiyo namba yenyewe, unaupa moyo sababu ya pili ya kukimbia."

Akanifundisha kupumua: kuvuta kwa pua hesabu ya nne, kutoa polepole hesabu ya sita. Alisisitiza kutoa, kwa kuwa pumzi ikitoka taratibu ndipo moyo unapopata nafasi ya kupunguza mwendo. Tukafanya wote wawili, dakika mbili, jirani akitushangaa juu ya ukuta. Saa ikashuka hadi 70.

"Haitashuka hivi siku ya fainali," akanionya. "Wala haitakiwi. Nani anataka winga mwenye mapigo ya mtu aliyelala?"

Nilipokuwa naaga, nikamwambia la paja. Alininyamazia kitambo. "Hilo siyo la kwangu," akasema. "Nenda kwa mwenyewe."

Kwa kocha nilikwenda jioni hiyo hiyo. Kumtazama kulinishinda, nikaongea nikiitazama filimbi shingoni mwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema fainali nitaanzia benchi, na kwamba yule mwenzangu nimweleze mwenyewe. Nikamweleza. Kati ya yote ya wiki ile, hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Siku ya fainali nilikunywa uji. Refa hamruhusu mchezaji kuingia na saa mkononi, na hapo nikang'amua kitu ambacho kilikuwa mbele yangu siku zote: ile saa haijawahi kuniona nikicheza. Inajua kusubiri kwangu tu. Nikaenda kwa mama, amekaa kwenye nyasi na sweta lake na vitenge viwili kwa ile baridi ya Juni, nikakunja mkono wa sweta, nikamfunga saa kwenye ngozi anitunzie.

Niliingia dakika ya 61. Mpira wangu wa kwanza ulinipita chini ya mguu ukatoka nje, watu wakaguna. Nikatoa pumzi hadi sita nikiwa narudi kukaba. Wa pili nikaupata vizuri, nikamtoka beki, nikapiga krosi, tukasawazisha. Baadaye beki huyohuyo akanikwatua nikabiringika kwenye vumbi, nikainuka. Tulifungwa 2-1 mwishoni. Iliniuma, na bado inaniuma.

Usiku, karibu na jiko la mkaa, nikafungua kumbukumbu za saa. Mstari ulianza chini, ukapanda kidogo saa kumi jioni, halafu ukaruka nilipoingia: 112. Nilipokwatuliwa: 134. Mama, aliyekuwa ametandaza miguu kwenye nyasi.

"Wewe si ulisema ulikuwa umetulia?" nikamuuliza.

"Nilitulia," akasema, akigeuza mkaa. "Kwani uliniona nikisimama?"

Nikamwomba mkono. Nikaweka vidole viwili chini ya dole gumba lake, nikatazama saa ya ukutani, nikaanza kuhesabu.