Ushahidi wangu juu ya unga ulioibiwa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 6 mwezi wa 7, 2024

Lubumbashi, Jumapili tarehe 7 mwezi wa 7, 2024

Kwa Bwana OPJ anayeshika dosie ya wizi wa depo ya unga, komini ya Kenya

Mimi ni Ngoie, mtaani wananiita Mama Sifa. Nina miaka 46, ni mjane, nauza bitumbula na chai mbele ya parsele ninamokaa, ng'ambo ya avenyi kutoka depo ya Baba Mwansa. Naandika kwa Kiswahili, ambacho Katiba yetu inakihesabu kati ya lugha 4 za taifa, kwa sababu Kifaransa changu ni cha sokoni, na sitaki mtu mwingine anichagulie maneno. Mukiyageuza Kifaransa, naomba nisomewe tena kwa Kiswahili kabla ya kutia saini.

Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe. Jana jioni nimesikia kwamba jina langu limeandikwa kwenye PV yenu kama mtu aliyemwona Kabwe, yule msukuma pus-pus, akibeba mfuko. Karatasi hiyo sijaiona, ndiyo maana nasema nimesikia. Kama ndivyo ilivyoandikwa, si kweli. Sikumwona Kabwe. Niliona mtu.

Niliyoyaona

Niliamka kwa kengele ya simu saa 10 na robo usiku, kama kila siku ya kazi. Niliwasha mbabula nje, karibu na mlango wa parsele, nikaweka sufuria ya mafuta. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa jioni, taa ya ukuta wa depo haikuwaka. Mwezi haukuwepo. Mwanga niliokuwa nao ni wa makala, na huo unamulika mikono na sufuria tu; ukiinua macho kutoka motoni, mbele unaona weusi mtupu mpaka macho yazoee.

Nilisikia mnyororo ukigonga chuma. Niliinua macho. Mtu mmoja alitoka kwenye mlango mdogo wa depo, si ule mkubwa wa gari, akiwa na mfuko begani. Mfuko ulikuwa mweupe, nao ndio ulioonekana kuliko yeye. Kwa ukubwa ulifanana na ile ya kilo 25 ninayonunua palepale, lakini sikuugusa wala kusoma maandishi. Mtu huyo alijifunika kichwa kwa kitu, blanketi au koti lenye kofia, siwezi kuchagua kati ya hivyo viwili. Baridi ilikuwa kali na usiku ule kila mtu angejifunika. Hata mimi nilikuwa na kitenge kichwani na kingine mabegani. Uso sikuuona. Mikono sikuiona. Hakuwa mfupi sana wala mrefu sana, na zaidi ya hapo nitakuwa nabuni.

Alipita upande wa pili wa avenyi, kuelekea soko la Kenya, akiburuta mguu mmoja. Nilimwona kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka kumi, hivi, kisha akaingia kwenye giza la ukuta wa kona.

Niliangalia simu kwa sababu niliogopa kuchelewa na unga wangu: iliandika 04:38, yaani saa 10 na dakika 38. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Niliisikia baadaye, nikiwa nimeshatoa bitumbula vya kwanza.

Leo baada ya misa nimepima kwa miguu kutoka mahali pa mbabula mpaka mlango ule mdogo. Ni hatua 31 zangu. Mtoto wangu alisimama pale mlangoni mchana kweupe, na hata hivyo sikuweza kuona kama amefunga vifungo vya shati.

Niliyoyasikia kwa masikio yangu

Hili hakuna aliyeniuliza, nami sikulisema jana kwa sababu watu walikuwa wanapiga kelele za jambo lingine. Yule mtu wa mfuko alipokuwa ameshafika katikati ya avenyi, sauti ya mwanaume ilitoka ndani ya ukuta wa depo. Ilisema: «Fanya pole.» Maneno mawili tu, kwa sauti ya chini. Kisha mnyororo uligonga tena. Sauti hiyo siitambui. Lakini iliyosema ilikuwa ndani, na yule wa mfuko alikuwa nje. Kwa hiyo walikuwa watu wawili, angalau wawili.

Mbwa wa depo hakubweka. Mbwa huyo hunibwekea mimi kila asubuhi nikimwaga maji machafu, miaka mitatu sasa.

Sikupiga kelele. Baba Mwansa hupakiza mapema wateja wake wa vijijini wakija, nikadhani ni biashara. Naandika hivyo ili musishangae kwa nini niliendelea kukaanga.

Niliyoyasema mimi mwenyewe, na yalivyogeuka

Hapa ndipo penye aibu yangu, na ndipo nataka muandike vizuri.

Kama saa 12 asubuhi, kulipoanza kupambazuka, jirani yangu Ya Bea alikuja kuchukua bitumbula vya watoto. Nilimwambia: «Kuna mutu amepita na mufuko, anatembea kama Kabwe.» Ndivyo nilivyosema. Kama. Kabwe anasukuma pus-pus sokoni na anachechemea tangu alipoangukiwa na mzigo. Kila anayechechemea kwenye avenyi yetu analinganishwa naye, hata kuku.

Baada ya muda mfupi Baba Mwansa aligundua mlango uko wazi. Nilisikia akiita watu. Kabla ya saa 1 Ya Bea alikuwa katikati ya watu mbele ya depo, nami kwa masikio yangu nilimsikia akisema: «Mama Sifa amesema ni Kabwe.» Kijana mmoja nyuma yake akaongeza: «Mama Sifa amemuona na macho yake, njo yeye!» Nilikuwa na sufuria ya mafuta motoni. Nilichelewa kuiacha. Nilipofika walikuwa wameshaondoka kuelekea kwa Kabwe.

Tena kuna hili. Jana Ya Bea aliponiuliza mara ya pili ni mguu gani, nilijibu wa kushoto. Usiku wa leo sikulala, nimefunga macho nikijaribu kumwona tena yule mtu, na mguu hauji. Ninaokumbuka ni mguu wa Kabwe, ule wa kushoto, ninaouona kila siku. Nafikiri niliuchukua kwake nikamvalisha yule wa usiku. Kwa hiyo futeni kushoto. Aliburuta mguu, ni upi, sijui.

Kwa Kabwe

Nilifika nyuma ya watu, saa 1 na nusu imekaribia. Niliona Kabwe ameketi chini, damu inatoka mdomoni. Niliona wanaume wawili wakimpiga, mmoja kwa mkono, mwingine kwa ubao. Yule wa ubao namfahamu. Jina lake nitalitaja mbele yako kwa mdomo, si kwenye karatasi hii iliyokaa nyumbani usiku mzima. Sikumsikia Kabwe akikiri lolote. Nilimsikia akisema mara nyingi: «Unga ni ya mama.»

Walitoa ndani mfuko wa nailoni uliotumika, wa mchele, wenye unga chini yake. Niliinama nikautazama kwa karibu na nikauchota kwa vidole. Ulikuwa kama meka mbili, tatu hazifiki. Ulikuwa na pumba, wa rangi ya njano kidogo, wa kusagisha kwenye mashini ya mtaani. Unga ninaonunua kwa Baba Mwansa ni mweupe na laini, hauna pumba. Sijui kama depo ina aina nyingine ndani ambayo sijawahi kuuziwa, muulizeni yeye. Mfuko wenye maandishi ya depo sikuuona pale. Chumba chake sikuingia.

Wanayoyasema watu

Nayaandika kwa sababu yatawafikia hata nisipoandika, na ni afadhali mujue yametoka wapi. Wanasema mifuko iliyopotea ni 6. Nilisikia kwa wateja wangu, na jioni walisema 14. Sikuhesabu hata mmoja zaidi ya ule mmoja. Wanasema Kabwe ana deni la kamari. Nilisikia kwa mtu aliyesikia kwa dereva wa manseba. Wanasema sentineli Papa Kalenga alilewa. Mimi usiku ule sikumwona Papa Kalenga kabisa, akiwa amelewa wala akiwa mzima. Wanasema Baba Mwansa amejiibia ili asilipe wadai wake. Hilo lilitoka kwa mwanamke anayeuza unga kona ya pili, nanyi muupime mzani wake wenyewe.

Yote hayo si ushahidi wangu. Mukiniuliza mbele ya jaji, nitajibu kwamba niliambiwa.

Ninayoyafikiri

Nafikiri aliyesema «fanya pole» alikuwa mtu ambaye mbwa anamjua. Nafikiri pia mtu yeyote mwenye kilo 25 begani, gizani, kwenye mashimo ya avenyi yetu, anaweza kuburuta mguu bila kuwa kilema. Haya ni mawazo ya kichwa changu, nimeyaweka peke yake huku chini ili yasichanganyike na yale ya juu. Muyatumie au muyaache.

Mujue na hili kabla ya kunipima: Kabwe ana deni kwangu la faranga 7.000 za chai na bitumbula, na akifungwa sitalipwa. Baba Mwansa naye hunikopesha unga mwisho wa wiki, na akinikasirikia nitanunua mbali. Ya Bea ni jirani yangu wa miaka 11, watoto wake wanakula kwangu. Hakuna kati yao aliyenisaidia kuandika. Mtoto wangu Sifa ndiye aliyenisomea kwa sauti nilipomaliza, na alirekebisha herufi tu.

Niko tayari kuja kuonyesha mahali, na ningependa iwe saa ileile ya usiku, umeme ukiwa umekatika.

Maneno matatu yaliyopigwa mstari katika ukurasa wa kwanza nimeyafuta mimi mwenyewe, baada ya kusomewa. Mara zote tatu nilikuwa nimeandika «mwizi». Juu yake nimeandika «mtu», na pembeni ya kila moja nimeweka herufi N.

Ngoie, Mama Sifa
muuza bitumbula, komini ya Kenya, nyumba ya tatu kutoka kona ukitokea sokoni, mkono wa kushoto