Seva yetu iko hewani: namna ya kuingia

Wanangu, habari za jioni. Seva imewaka tangu jana usiku na nimeshaingia mara tatu, mara mbili kwa laptopu na mara moja kwa simu. Sasa nawangoja nyie. Tunaanza rasmi Jumamosi saa 3 usiku, ila naomba kila mtu ajaribu kuingia kabla ya Ijumaa, ili siku yenyewe tusiipotezee kwenye kutafuta makosa.

Mchezo ni Luanti, ule uliokuwa ukiitwa Minetest hadi mwaka 2024. Ni wa bure, wa kompyuta na wa Android. Toleo ni hili hili, si la zamani:

```
Toleo:     5.12.0
Anwani:    203.0.113.47
Poti:      30000
Nenosiri:  parachichi-Rungwe-26
```

Toleo lako utaliona ukifungua `About`. Mwenye la chini alisasishe kwanza, maana nimeiwekea seva sharti la kukataa matoleo ya zamani. VoxeLibre, ambao ndio mchezo wenyewe tutakaocheza ndani, msihangaike kuupakua. Uko kwenye seva, na seva inawaletea picha na sauti zake mkiingia mara ya kwanza. Hapo ndipo bando linapoliwa, kwa hiyo ingieni mara hiyo ya kwanza kwa waifai. Ukisharudi tena, vile vitu tayari viko kwenye simu yako.

Fungua `Join Game`, jaza anwani na poti, halafu jina lako na nenosiri. Jina lisiwe na nafasi: herufi, tarakimu, `-` na `_` tu. Mimi ni `lusajo`.

Sasa hapa someni polepole, maana pamemkwamisha mdogo wangu jana karibu nusu saa. Kwa kuwa ni mgeni, alibonyeza `Register`. Ikamjia `Name is taken. Please choose another name`. Akabadilisha jina, ikamjia tena. Akabadilisha la tatu, yale yale. Kumbe jina halikuwa na shida. Seva yetu imewekewa nenosiri la kuanzia, na mgeni anayelijua anapita kwa `Login`, kama vile ana akaunti tayari. Akaunti inajitengeneza yenyewe hapo hapo. Kwa hiyo hata kama hujawahi kuingia, bonyeza `Login`.

Ukishaingia tu, kabla hujakata hata mti mmoja, badilisha nenosiri. Kwenye kompyuta bonyeza Esc, kisha `Change Password`; kwenye simu rudi nyuma, menyu ile ile inafunguka. Usipobadilisha, yeyote kwenye kundi letu anayejua jina lako anaweza kuingia akiwa wewe na kukuta sanduku lako la almasi wazi. Jipya liandike mahali.

Ikikuandikia `Invalid password`, angalia R ya Rungwe ni kubwa na vistari viwili vipo. Angalia pia kama hakuna nafasi iliyoongezeka mwishoni ulipokuwa unanakili. Ikikuandikia `Connection timed out.`, anwani au poti imekosewa, au mtandao uliopo unazuia UDP, kama wa vyuo na maofisi mengi. Washa data ya simu ujaribu tena. Ikigoma bado, nipigie, nitakaa na wewe hadi uingie.

Nenosiri hili lisitoke nje ya kundi, tafadhali. Mnakumbuka tulivyojenga soko la Mwanjelwa kwenye ile seva ya watu wote? Wiki mbili za kazi, vibanda vimepangwa, hadi ngazi, tukaamka tukakuta shimo na lava. Sikulala vizuri siku ile. Ndiyo maana safari hii nimelipia seva yetu wenyewe. Akitaka kuja mtu mwingine, niambieni kwanza, tukubaliane wote.

Mkitokea mtakuta tambarare yenye kilima upande wa kaskazini. Kilima hicho nataka kiwe Loleza, na chini yake mji wetu, Uyole upande wa mashariki. Wa Tukuyu nimewaachia mto uliobana kwenye miamba, Daraja la Mungu ni lenu. Wa Iringa, nguzo za Isimila nazisubiri. Kuna udongo mwekundu na mchanga wa kutosha kusini. Ziwa Ngozi tutachimba wote Jumamosi, kwa majembe, bila baruti.

Ukiingia salama, niandikie hapa jina lako la ndani ya mchezo.