Ombi la Ruhusa ya Muda ya Kusoma Majedwali ya Mfumo wa Ankara

Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani,
Makao Makuu, Dodoma.
8 Septemba 2025

Mkuu wa Idara ya TEHAMA,
Makao Makuu, Dodoma.

YAH: OMBI LA RUHUSA YA MUDA YA KUSOMA MAJEDWALI YA MFUMO WA ANKARA ZA MAJI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Ukaguzi wa mapato ya mwaka wa fedha 2024/25 umefikia hatua ya kuhakiki marekebisho ya ankara. Ripoti tulizopokea zinaonyesha kiasi cha mwisho tu cha kila ankara. Hazionyeshi kiasi cha awali, wala aliyekibadilisha, wala sababu aliyoiandika. Aidha, ripoti hizo huandaliwa na watumishi wale wale ambao kazi yao inakaguliwa, na kwa maoni yangu ushahidi wa namna hiyo hautoshi kuthibitisha wala kumsafisha mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo, naomba uidhinishe nipewe akaunti ya kusoma pekee katika majedwali matatu, yaani ankara, malipo na marekebisho, kuanzia tarehe 15 hadi 26 Septemba 2025. Majina, namba za simu na anwani za wateja sizihitaji, kwa kuwa namba ya akaunti inatosha kufuatilia muamala. Hivyo napendekeza ruhusa itolewe kwa safu zinazohusika tu, jambo ambalo pia linaendana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa jedwali la marekebisho, amri katika PostgreSQL ingekuwa hivi:

```
GRANT SELECT (id, ankara_id, kiasi_awali, kiasi_kipya,
              sababu, mtumiaji_id, tarehe)
  ON marekebisho TO mkaguzi_muda;
```

Natambua kwamba kanzidata hiyo ndiyo inayohudumia madirisha ya malipo, na kwamba swali moja zito linaweza kuwachelewesha wateja waliopanga foleni. Naomba basi nielekezwe kwenye nakala ya kusomea badala ya seva kuu, na akaunti iwekewe ukomo wa muda kwa kila swali. Endapo nakala hiyo haipo, nitafanya kazi baada ya saa 12 jioni.

Kuhusu kufunga ruhusa, naomba msitegemee `VALID UNTIL` peke yake, kwa sababu ukomo huo huzuia nywila isitumike kuingia upya lakini haukati kikao kilichokwisha funguliwa. Msimamizi wa kanzidata aondoe ruhusa kwa `REVOKE` jioni ya tarehe 26, akate vikao vilivyobaki na kunipatia uthibitisho wa maandishi, nitakaouweka kwenye jalada la ukaguzi. Maswali yote nitakayoendesha yarekodiwe, na kumbukumbu zake zibaki kwako.

Nipo tayari kupitia orodha ya safu pamoja na msimamizi huyo kabla ya tarehe 12 Septemba.

Naomba kuwasilisha kwa idhini yako.

Mkaguzi wa Ndani Mwandamizi

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani