Ukaguzi wa nyumba: meseji ya kaka nimeigeuza kuwa jedwali

Kaka shikamoo, nimepata meseji yako ya ukaguzi, mwenye nyumba anataka jedwali na si insha 😀 kwa hiyo nimeichambua. Naibandika hapa kama ulivyoandika ili ulinganishe:

"Nimefika saa nne asubuhi mpangaji akiwepo tukaanza sebuleni, rangi iko poa ila ukuta wa upande wa tivii una matundu manne ya misumari, moja limebomoa plasta mpaka kidole kinaingia, dirisha la mbele kioo kina ufa kwenye kona yeye anasema alikuta hivyo hivyo. Feni inazunguka. Jikoni koki ya sinki inadondosha hata uikaze vipi, kabati la chini mbao imevimba nadhani ni hayo maji, soketi ya karibu na mlango imekufa. Masta kitasa kinagoma, ufunguo mpaka uvute mlango kidogo ndo unageuka, vigae viko sawa. Choo cha humo tenki la kuflashi halijai na dari ina doa la rangi ya chai ukubwa wa sahani. Chumba cha pili kisafi ila kuna fangasi kona ya nyuma ya kabati na wavu wa dirisha umechanika. Nje sikuzunguka maana mvua ilianza. Kwa ujumla umeme wote uko sawa na nyumba iko vizuri."

Kwenye hali nimetumia maneno manne tu. Nzuri, chakavu (kimechoka kwa kutumika, hatumkati mtu dipoziti kwa hilo), mbovu, na haijaangaliwa. Hilo la mwisho ndo muhimu, kitu ambacho hukukitaja sijakiandikia nzuri, maana akihama halafu tukute hita haifanyi kazi atasema mliandika wenyewe iko nzuri na atakuwa na haki yake.

Sebule

| Kitu | Hali | Maelezo |
|---|---|---|
| Rangi | Nzuri | |
| Ukuta wa tivii | Mbovu | Matundu 4 ya misumari, 1 limebomoa plasta, kidole kinaingia |
| Kioo, dirisha la mbele | Mbovu | Ufa kwenye kona. Mpangaji anasema alikikuta hivyo, ithibitishwe kwa picha za siku alipoingia |
| Feni | Nzuri | Inazunguka |
| Mlango, taa, swichi | Haijaangaliwa | |

Jikoni

| Kitu | Hali | Maelezo |
|---|---|---|
| Koki ya sinki | Mbovu | Inadondosha hata ikikazwa |
| Kabati la chini | Mbovu | Mbao imevimba. Chanzo hakijathibitishwa |
| Soketi ya mlangoni | Mbovu | Haina umeme |
| Soketi nyingine, bomba chini ya sinki | Haijaangaliwa | |

Masta na choo chake

| Kitu | Hali | Maelezo |
|---|---|---|
| Kitasa | Chakavu | Ufunguo unageuka mlango ukivutwa |
| Vigae | Nzuri | |
| Tenki la kuflashi | Mbovu | Halijai |
| Dari ya chooni | Mbovu | Doa la rangi ya chai, ukubwa wa sahani |
| Shawa, hita, beseni | Haijaangaliwa | |

Chumba cha pili

| Kitu | Hali | Maelezo |
|---|---|---|
| Usafi | Nzuri | |
| Kona nyuma ya kabati | Mbovu | Fangasi |
| Wavu wa dirisha | Mbovu | Umechanika |

Nje

| Kitu | Hali | Maelezo |
|---|---|---|
| Paa, gata, chemba, geti | Haijaangaliwa | Mvua ilianza |

Sasa kaka, ile sentensi yako ya mwisho nimeitupa yote. Huwezi kusema umeme wote uko sawa wakati juu kidogo umesema soketi imekufa, na "nyumba iko vizuri" haina safu ya kuiweka. Na hiyo "nadhani ni hayo maji" nimeitoa kwa sababu kama ni bomba la chini linalovuja tangu zamani basi gharama ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji, sasa sisi tukiandika kwa kudhani tunamuonea mtu. Fungua hilo kabati, pangusa bomba kwa tishu, fungulia maji dakika kadhaa halafu pangusa tena uone kama imelowa.

Wavu pia hukusema umechanika kiasi gani, kama ni tundu dogo la kushonwa nitaugeuza uwe chakavu.

Ukirudi kwa ajili ya nje beba ngazi, upapase lile doa la dari, likiwa bichi paa linavuja au kuna bomba huko juu na hapo inabidi fundi aje kabla hatujamsainisha mtu chochote.